Maneno 149 ya Kupangisha Chumba na Sebule

Mama yangu mdogo anaishi Kimara, jijini Dar es Salaam, na nyuma ya nyumba yake, ndani ya uzio uleule, amejenga apatimenti nne ndogo za kupangisha, kila moja ikiwa na chumba cha kulala, sebule, jiko dogo na choo ndani. Mwaka 2022, alipochoka kufungua geti kila jioni kwa watu wanaoletwa na madalali, wanaozunguka dakika mbili, wanaosema watapiga simu na hawapigi, aliniomba nimtengenezee video fupi ambayo mtu angeitazama kwanza ndipo aamue kama safari ya kuja ina maana. Alitoa masharti mawili. Hakutaka sura ya mtu yeyote ionekane, na hakutaka maandishi juu ya picha, kwa kuwa alishaona jinsi video inavyofifia ikizungushwa kwenye makundi ya WhatsApp mpaka herufi zinakuwa kama kunguni waliokanyagwa. "Wewe sema tu, mwanangu," aliniambia. "Watasikia."

Kazi yenyewe, basi, ilikuwa kuandika skripti ya sauti peke yake: msemaji haonekani, hakuna mtangazaji anayenyoosha kidole, na kila ambacho mtazamaji anatakiwa kukijua ama akione kwenye picha ama akisikie. Nilidhani ni kazi ya nusu saa. Skripti ya kwanza niliiandika nikiwa nimekaa kwenye ndoo iliyogeuzwa katikati ya sebule tupu, na ninaikumbuka vizuri kwa sababu bado ninaionea haya. Ilianza hivi: "Karibu katika makazi haya ya kisasa na yenye mvuto, ambapo utakutana na sebule pana, vigae vizuri vya sakafuni, dari la jipsamu lenye taa za kupendeza na maji ya uhakika."

Ukiitazama sentensi hiyo pamoja na picha, utaona kwamba vigae vinaonekana, dari linaonekana, taa zinaonekana, na sauti inarudia kile ambacho jicho limeshakimaliza. Maneno mawili tu ndiyo yaliyokuwa yakisema jambo ambalo kamera haiwezi kulionyesha, yaani "pana" na "uhakika", na yote mawili hayakuwa kweli. Sikudanganya kwa makusudi. Niliyachukua kwa sababu ndiyo maneno yanayotumika kwenye matangazo ya nyumba, na nilikuwa sijapima kitu chochote.

Video ile ilifanya kazi haraka mno. Kijana mmoja aliyekuwa anahamishiwa kazi kutoka Morogoro aliiona, akampigia mama mdogo, akatuma kodi ya miezi sita bila kuja kuona, na Jumamosi iliyofuata akafika na kirikuu kilichojaa vyombo. Kitanda chake kilikuwa cha sita kwa sita na kabati lake lilikuwa la milango mitatu. Kitanda kiliingia, lakini kabati liliposimamishwa upande wa pili milango yake haikuweza kufunguka. Alinitafuta uani, akiwa amelowa jasho na mwenye adabu zake zote, akaniuliza, "Sasa dada, si ulisema chumba ni kipana?" Nilikuwa nimesema sebule, si chumba, lakini huo haukuwa wakati wa kutafutana maneno. Kabati lilikaa uani chini ya turubai kwa wiki mbili, likanyeshewa, kisha akaliuzia fundi wa mtaani kwa bei ambayo hakuitaja.

Siku ile ndipo nilipochukua tepu. Chumba cha kulala kina futi 10 kwa 11. Kitanda kinachoitwa cha sita kwa sita ni jina la godoro, kwa hiyo ukiongeza mbao za fremu kinakula karibu futi sita na nusu. Kwenye upana wa futi 10 zinabaki futi tatu na nusu, kabati la kawaida linachukua futi mbili kwenda ndani, na hapo unabaki na futi moja na nusu ambayo ni lazima itoshe mlango wa kabati kufunguka na mtu kupita. Haitoshi. Kitanda cha tano kwa sita, kwa hesabu ileile, kinaacha futi mbili na nusu, nazo zinatosha kupita bila kujibana. Picha haikuweza kumwambia kijana yule lolote kati ya hayo, tena ilimpotosha zaidi, kwa kuwa nilipiga kwa lenzi pana ya simu nikiwa nimejibanza kwenye kona, na lenzi hiyo husukuma ukuta wa mbele mbali na kufanya chumba kionekane kama ukumbi. Chumba kikiwa kitupu hali huwa mbaya zaidi, maana hakuna kitu cha kulinganisha nacho. Tangu hapo, kila ninapotumia lenzi pana, sauti ni lazima itaje futi, na si futi peke yake, kwa kuwa wengi wetu hatuwezi kuiona futi 10 kichwani, lakini hakuna asiyekijua kitanda chake.

Neno "uhakika" lilikuwa na deni lake pia. Bomba la mtaa wetu wakati huo lilikuwa linatoa maji Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, na siku zilizobaki wapangaji wote wanne walitumia simtanki moja la lita 2,000. Hesabu yake ni nyepesi: kila apatimenti ina lita 500, na simtanki likijazwa Ijumaa ni lazima livuke Jumamosi na Jumapili, kwa hiyo ni lita 250 kwa siku kwa kila mpangaji. Kwa mtu mmoja au wawili hayo ni maji mengi. Kwa familia ya watu watano wanaofua Jumamosi, Jumapili mchana bomba linakohoa. Kusema "maji ya uhakika" kwa watu wa aina hizo mbili ni kuwapa jibu moja kwa maswali mawili tofauti, wakati kutaja siku za bomba na ukubwa wa simtanki kunamwezesha kila mmoja kupiga hesabu yake mwenyewe, na hesabu hiyo haikunihusu mimi.

Kabla ya kuandika upya nilikaa na mama mdogo barazani tukaandika kila swali ambalo watu humuuliza wakiwa tayari wameshaingia ndani. Niliona jambo ambalo sikulitarajia: hakuna aliyewahi kuuliza kuhusu vigae. Waliuliza kama LUKU ni ya kwao peke yao au wanachangia, bomba linatoka lini, jua linapiga upande gani, mwendokasi uko mbali kiasi gani, na pesa ya kuingilia ni kiasi gani kwa jumla. Orodha hiyo ndiyo iliyokuwa skripti. Kilichobaki kilikuwa ni kuifanya ienee ndani ya sekunde 90, na hapo ndipo nilipojifunza kwamba kuandikia sikio ni ufundi wa peke yake.

Kwanza ni urefu. Nilijisomea kwa sauti huku saa ya simu ikihesabu, nikaona kwamba nikisoma bila haraka, kama mtu anayemwonyesha mgeni nyumba, ninapata maneno mawili kwa sekunde. Lugha yetu inabeba mengi ndani ya neno moja; "haviwezi kuingia" ni maneno mawili ila ulimi unatembea silabi nane. Kwa hiyo mtu asijipime kwa hesabu alizozikuta katika miongozo ya lugha nyingine. Katika sekunde 90 nilitenga sekunde 15 za ukimya, na zilizobaki 75 zikanipa maneno 150. Nilipohesabu rasimu yangu ya pili, ilikuwa na maneno 312.

Kupunguza si kusoma haraka. Nilijaribu, na sauti ikawa kama ya konda wa daladala anayeita abiria. Nilichofanya ni kurudi kwenye kila sentensi na kuuliza kama picha haijaisema tayari. Choo, kwa mfano, nilikuwa nimekiandikia sentensi tatu: kina vigae mpaka juu, kina shawa, kina sinki dogo la kunawia. Yote yanaonekana. Nikayafuta yote, nikaacha picha ya choo ipite kimya, ila nikafungua shawa na kuiacha sauti yake isikike kwa sekunde tatu, kwa kuwa sauti ya maji yanayotoka kwa nguvu ni ushahidi ambao sentensi yangu isingeweza kuuleta. Sekunde tatu nyingine za ukimya nilizipa mlango wa mbele, kitasa kinapogeuka na kufunga.

Jambo la pili lilinikuta kwenye kuhariri, na nadhani linatuhusu sisi hasa kwa jinsi lugha yetu ilivyo. Nilikuwa nimeandika, "Hiki kina nafasi ya kutosha, na hiki kiko karibu yake," nikimaanisha chumba, kisha choo. Kwenye karatasi nilielewa. Kwenye video, picha ya choo ilichelewa nusu sekunde, na neno "hiki" la pili likaangukia kitanda cha mfano nilichokuwa nimekiazima kwa jirani. Chumba ni hiki, choo ni hiki, kitanda ni hiki, kitasa ni hiki. Sikio halina namna ya kuvitenganisha isipokuwa kwa jicho, na jicho lilikuwa mahali pengine. Nikajiwekea utaratibu kwamba nomino itangulie na kionyeshi kifuate, kama "sebule hii", au kionyeshi kisiwepo kabisa, na kwamba jina la mahali lisemwe baada ya picha ya mahali hapo kuwa imeshaingia kwa angalau sekunde moja. Sauti ikitangulia picha, mtazamaji anaanza kutafuta. Picha ikitangulia sauti, anapokea.

La tatu ni fedha. Kodi ilikuwa shilingi 180,000 kwa mwezi, na mama mdogo hupokea miezi sita, yaani shilingi 1,080,000. Nilipoyasoma yote mawili pamoja, "laki moja na themanini kwa mwezi, milioni moja na themanini kwa miezi sita", dada yangu aliyekuwa akisikiliza jikoni alitoka akauliza ni ipi sasa. Masikioni tarakimu hizo ni mapacha: zote zina "moja na", zote zinaishia na "themanini". Nilizitenga, kodi ya mwezi nikaiweka mwanzo kabisa na jumla mwisho kabisa, na nikarudisha neno "elfu" katika zote mbili ingawa mtaani tunalimeza. Kuhusu kuweka bei mwanzo, madalali wawili walinionya kwamba nitawakimbiza wateja, kwa sababu wao huificha ili mtu alazimike kupiga simu. Ni kweli kwamba simu zilipungua. Hicho ndicho mama mdogo alichokuwa anakitaka.

Umbali ndio ulionipa tabu ya dhamira. Madalali wote wa eneo lile husema "dakika tano kutoka lami". Niliutembea mimi mwenyewe mara mbili kutoka kituo cha mwendokasi cha Baruti, kwa mwendo wa mtu aliyebeba mfuko wa sokoni, na mara zote mbili saa ilinipa dakika 12. Zaidi ya hapo, kutoka barabarani unateremka bondeni, maana yake asubuhi unapanda. Nilipomsomea mama mdogo sentensi ya mlima alinyamaza kidogo, kisha akauliza kama ni lazima. Nikamwambia kwamba mpangaji ataujua mlima ule kesho yake saa 12 asubuhi, na tofauti ni kama atakuwa ameshalipa au hajalipa. Hakupenda, lakini aliiruhusu ibaki. Kuhusu LUKU tulikubaliana haraka, kwa sababu kila apatimenti ina mita yake, na makato ya kodi ya jengo, ambayo tangu mwaka 2021 hukusanywa kupitia LUKU, yeye anayalipa kwenye mita ya nyumba kubwa.

Hii ndiyo skripti tuliyoirekodi. Ndani ya mabano ni picha, na hayo hayasomwi.

(Geti linafunguka, uani.) Kimara, upande wa Baruti. Chumba kimoja, sebule, jiko dogo na choo ndani. Kodi, laki moja na elfu themanini kwa mwezi.

(Mlango, sekunde tatu kimya. Sebule.) Sebule hii ina futi kumi kwa kumi na mbili. Kochi la watu watatu na meza ya televisheni vinaenea. Seti nzima haienei.

(Jiko.) Jiko lina sinki na kaunta ya futi nne. Friji inakaa sebuleni, kwenye soketi iliyo karibu na mlango.

(Bomba la sinki likiwa wazi, kisha simtanki.) Maji ya bomba hutoka siku tatu kwa juma. Siku nyingine mnatumia simtanki la lita elfu mbili, wapangaji wanne kwa pamoja.

(Choo, shawa, sekunde tatu kimya. Chumba, kitanda kikiwa mahali pake.) Chumba cha kulala ni futi kumi kwa kumi na moja. Kitanda cha tano kwa sita kinaacha nafasi ya kabati. Cha sita kwa sita hakiachi.

(Dirisha, jua la jioni.) Dirisha linatazama magharibi. Jioni chumba kina joto. Feni ya dari ipo.

(Mita ukutani.) LUKU ni yako peke yako.

(Njia, kutoka getini kwenda juu.) Kituo cha mwendokasi ni dakika kumi na mbili kwa miguu, asubuhi unapanda mlima.

(Uani, geti likifungwa.) Unalipa miezi sita unapoingia. Jumla, milioni moja na elfu themanini. Karibu uone, kila siku kuanzia saa kumi jioni.

Ni maneno 149. Saa kumi jioni haikuchaguliwa kwa ajili ya mama mdogo. Ndiyo saa ambayo jua limeshaanza kuingia chumbani, na anayekuja saa nne asubuhi anakikuta chumba cha baridi ambacho hatakiona tena akirudi kutoka kazini.

Kurekodi kulichukua usiku mmoja uliopotea na mwingine uliofaa. Usiku wa kwanza nilirekodi ndani ya apatimenti yenyewe, nikiamini kwamba ndipo mahali pake, na sauti ikatoka kama ya mtu aliyetumbukia kisimani, kwa kuwa vigae, kuta tupu na dari la jipsamu vyote vinarudisha mwangwi. Usiku wa pili nilihamia chumbani kwa mama mdogo, penye godoro, mapazia mazito na nguo zinazoning'inia. Nikazima feni ijapokuwa lilikuwa joto la Februari, nikaishika simu umbali wa shubiri moja, pembeni kidogo ya mdomo ili herufi p na f zisipulize, na nikasoma nikiwa nimesimama. Kila sentensi niliirekodi kama faili lake na kuacha pumzi mbili kabla ya inayofuata. Ilionekana ni usumbufu usio na sababu, na sababu yake ilijulikana baadaye.

Video ya pili ilipoanza kuzunguka, katika wiki tatu walikuja watu saba tu, na apatimenti zote mbili zilizokuwa wazi zikapata wapangaji. Mmoja wao alikuwa na kitanda cha sita kwa sita. Alikuja akiwa ameshaamua kukiacha kwa mdogo wake, na alichotaka kukiona kilikuwa dirisha tu. Alisimama mbele yake saa 11 jioni, jua likimpiga usoni, akauliza kama anaruhusiwa kuweka pazia la pili. Mwingine aliniuliza jambo ambalo halikuwamo katika orodha yetu ya barazani wala katika skripti: kamba ya kuanikia nguo iko upande gani, na kama kila mpangaji ana ya kwake. Ipo moja, nyuma, na wanapokezana. Niliongeza sentensi hiyo baada ya simtanki, maneno saba, na kuyapatia nafasi nikafuta "kwa pamoja" na kuondoa sekunde mbili za geti.

Baada ya hapo mama mdogo alipunguza malipo ya kuingilia kutoka miezi sita mpaka mitatu. Sikuirudia video. Niliyarekodi upya mafaili mawili, la miezi na la jumla ambayo sasa ni laki tano na elfu arobaini, chumbani kwake, penye mapazia yaleyale. Nilikuwa na mafua kidogo, na ukisikiliza kwa makini utasikia kwamba mwanamke anayetaja fedha mwishoni si yule hasa aliyekufungulia geti.